Karatasi ya Sokoni Mikononi mwa Mtu wa Pili

Aghalabu karatasi ya sokoni huandikwa na mtu kwa ajili ya macho yake mwenyewe, na lau ingebaki mkononi mwake mpaka kikapu kijae, kusingekuwa na haja ya kuwaandikia wasomaji neno lolote juu yake. Walakini hutokea, na hasa katika siku za karamu na sikukuu, kwamba aliyeiandika ameitwa jikoni, au aliyetumwa asubuhi amerejea na nusu ya vitu akaenda kazini, na karatasi ile ile, iliyokunjwa mara nne na kushika unyevu wa samaki, ikatiwa mkononi mwa mtu wa pili ambaye hakuwapo ilipoandikwa wala hakuwapo ilipoanza kufutwa. Huyo ndiye ninayemwandikia. Anazo mbele yake herufi mbili tatu zilizosimama mahali pa maneno kamili, tarakimu zisizotaja kama ni kilo au ni shilingi, na mistari iliyopita juu ya baadhi ya vitu kwa namna ambayo haifanani yote. Naye ana wasaa wa dakika chache tu kabla soko halijaanza kufunga.

Desturi ya watu wengi wanapopewa karatasi ya namna hiyo ni kuyaruka kwa macho yale yaliyokatwa, wakayaona kuwa ni mambo yaliyokwisha, na kuyaelekea yale yaliyosalia peke yake. Mimi nashauri kinyume chake. Anza na yaliyokatwa. Kitu kilichokatwa aghalabu ni kitu kilichokwisha kununuliwa, na kilichonunuliwa kipo nyumbani, chaweza kutazamwa, kushikwa na kupimwa. Basi hapo unayo maandishi upande mmoja na maana yake upande wa pili, na hakuna ufunguo wa mwandiko wa mtu ulio bora kuliko huo. Ikiwa karatasi imeandikwa "Vit m 1 1/2" na mstari umepita juu yake, na katika kikapu mna vitunguu maji, viweke juu ya mizani. Vikiwa ni kilo moja na nusu, umekwisha kujifunza mambo matatu kwa mara moja: kwamba mwandishi akiandika tarakimu tupu mbele ya kitu cha kupimwa anakusudia kilo, kwamba nafasi ndogo baina ya 1 na 1/2 ni nafasi ya kweli, wala si 11 iliyogawanywa kwa 2, na kwamba kwake yeye "Vit" ni vitunguu na herufi inayofuata ndiyo inayotaja aina. Mambo hayo matatu utayachukua pamoja nawe kwenye kila mstari usiokatwa.

Sasa tuzitazame tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazoleta hasara kubwa. Katika karatasi za kwetu tarakimu moja yaweza kuwa na maana tatu mbalimbali: yaweza kuwa ni uzito, yaweza kuwa ni idadi, na yaweza kuwa ni fedha. "Nazi 4" ni idadi, kwani hapana anayepima nazi kwa kilo anapotaka kupika wali. "Sukari 2" ni uzito. Na "Nyanya 2000" ni fedha, yaani mafungu ya nyanya yenye thamani ya shilingi elfu mbili, kwa kadiri muuzaji atakavyoyapanga siku hiyo. Kipimo kinatokana na kitu chenyewe na namna kinavyouzwa, hakitokani na tarakimu, wala mwandishi haoni sababu ya kukiandika kwa kuwa kwake yeye kiko dhahiri. Kwa hivyo ukutanapo na tarakimu iliyo peke yake, usiulize kwanza ni ngapi. Uliza kitu hiki huuzwaje katika soko nililotumwa, kisha itazame tarakimu kama inakubaliana na jibu hilo.

Nasema katika soko nililotumwa kwa makusudi, kwa sababu mahali hubadili maana. Mtu wa Mombasa akiandika "Dania 20" ametaja fedha, naye atapewa shada la shilingi ishirini bila ya maswali. Mtu wa Unguja, ambaye jani hilo hilo huliita kotmiri, hawezi kukusudia shilingi ishirini, maana shilingi ishirini ya Tanzania hainunui hata jani moja. Tarakimu ndogo ya Kenya yaweza kuwa ni fedha mahali ambapo tarakimu hiyo hiyo ya Tanzania haina budi kuwa ni idadi au gramu. Alama ya mshazari na vijistari viwili, ile ambayo wafanyabiashara wetu huiandika baada ya bei, yaani 500/=, huondoa shaka yote kila inapotokea, lakini mtu anayejiandikia mwenyewe haiandiki sana, na kutokuwapo kwake si dalili ya kitu chochote.

Sehemu za kilo zinahitaji hadhari ya namna yake. Nusu na robo huandikwa na watu wetu kwa njia nyingi: wapo waandikao 1/2, wapo waandikao N au "nus", wapo waandikao 0.5 kwa nukta na wengine kwa mkato. Na maadamu nukta ya kalamu ya wino hupotea upesi karatasi ikilowa, 1.5 huweza kuonekana kuwa 15. Hapa mwamuzi ni akili ya jikoni. Chumvi kilo 15 hainunuliwi na nyumba yoyote, na nyama kilo 15 hainunuliwi ila kwa harusi au hitima. Ukiona tarakimu ambayo ingeijaza gari ya ng'ombe, itafute nukta iliyofutika kabla hujatafuta gari. Vilevile moja iliyoandikwa na kichwa kirefu hufanana na saba isiyo na kijistari katikati, na njia ya kuzipambanua ni kutafuta moja nyingine katika karatasi hiyo hiyo, mahali ambapo hapana shaka kuwa ni moja, kama vile katika robo au nusu, ukaona mkono huu huichoraje.

Wako pia wazee wa pwani, wanaume kwa wanawake, waliosoma chuoni kabla ya kusoma shuleni au bila ya kusoma shuleni, ambao hata leo wakijiandikia jambo lao huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na tarakimu zao pia ni za Kiarabu. Ukipewa karatasi ya mzee kama huyo, na maneno ukasomewa na mtu, jichunge na tarakimu, kwani baadhi yake zinafanana na zetu kwa sura bila ya kufanana kwa maana. Tano yao ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Sita yao yaonekana kama saba yetu. Saba yao ni kama herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa. Nne yao ni kama tatu yetu iliyogeuzwa uso. Na mbili na tatu hazitofautiani ila kwa jino moja la juu. Hivyo aliyeandikiwa "nazi" na kiduara mbele yake ametumwa nazi tano, hakuambiwa asinunue. Na ingawa maneno yatoka kulia kwenda kushoto, tarakimu zilizo mbili au tatu pamoja husomwa kama zetu, kubwa ikiwa kushoto.

Katika mikono hiyo ya wazee utakutana na vipimo vya zamani pia. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi; navyo ni vipimo vya ujazo, si vya uzito, kwa hivyo pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani katika mizani. Ratili ni wakia kumi na sita, yaani pungufu kidogo ya nusu kilo. Vipimo hivi havijafa: pishi ingali hai kila mwisho wa Ramadhani, kwani fitri hutolewa pishi moja kwa kila nafsi ya nyumba, na watu wengi, kwa kuwa mchele huuzwa kwa kilo, huikadiria pishi hiyo kuwa kilo mbili na nusu. Nitalirudia jambo hili hapa chini.

Mintarafu ya maneno yaliyofupishwa, sina mengi ya kusema, kwa sababu kanuni yake ni moja: neno lililokatwa husomwa kwa majirani zake. Mtu hafikirii vitu vya sokoni kwa vurugu. Hufikiri chakula, na vitu vya chakula kimoja hushuka katika karatasi kwa kufuatana, au hufikiri njia ya sokoni, na vitu vya meza moja hukaa pamoja. "Maf" iliyo baina ya viberiti na utambi ni mafuta ya taa, na iliyo baina ya unga na mayai ni mafuta ya kula. "Pil" iliyofuata karafuu na mdalasini ni pilipili manga, na iliyofuata nyanya na ndimu ni pilipili mbichi. "Unga" pamoja na hamira ni unga wa ngano hata kama ngano haikutajwa. Mahali ambapo mtu hukosea ni pale anaposoma kila mstari peke yake, akasimama mbele ya muuzaji na kusema tu, "Nimeambiwa bizari," na muuzaji akamtazama, kwa kuwa ana bizari za namna tatu.

Nyongeza moja ya kutazamwa ni vile vijistari viwili vidogo ambavyo waandishi huviweka chini ya neno ili kulirejea bila ya kuliandika upya. Vijistari hivyo hurejea neno lililo juu yao moja kwa moja, hata ikiwa neno hilo limekatwa. Asiyejua hilo huona mstari wenye "th 5" tu, akadhani ni kitu kigeni, kumbe ni vitunguu thomu, vichwa vitano, vikining'inia chini ya vitunguu maji vilivyokwisha kununuliwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutoyaruka yaliyokatwa.

Sasa niingie katika mistari yenyewe, maana hapa ndipo wengi hudhani hapana la kusoma. Mstari uliopita juu ya neno na tarakimu yake, mmoja, mwepesi, uliopigwa kwa haraka, ndio mstari wa kununua: mtu amesimama mbele ya meza, kikapu kimoja mkononi, karatasi juu ya goti au juu ya kiganja, amekata akapita. Neno lililo chini yake hubaki likisomeka, kwa kuwa hapana aliyetaka kulificha. Lakini mwandishi akighairi, akaona kitu hakihitajiki tena, au amekumbuka kwamba kimo kabatini, hukifuta kwa mistari mingi iliyosukwa juu ya neno hata lisisomeke, kwani anataka lisimrudie machoni. Namna hizo mbili si sawa. Kilichokatwa kwa mstari mmoja kitafutwe kikapuni, na kisipoonekana, uliza. Kilichosukwasukwa kisitafutwe mahali popote.

Tofauti ya wino husaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Orodha huandikwa nyumbani kwa kalamu ya nyumbani. Hukatwa sokoni kwa kalamu iliyopatikana, ambayo aghalabu ni ya mwenye duka. Mstari wa wino ule ule wa maandishi una dalili kubwa ya kuwa ni mstari wa kughairi, uliopigwa kabla ya kutoka. Mstari wa wino mwingine una dalili ya kuwa ni wa kununua. Sisemi ni yakini, nasema ni dalili, lakini ni dalili ambayo ukiiunganisha na umbo la mstari hukupoteza mara chache sana.

Mstari uliokata tarakimu peke yake na kuliacha neno salama ni jambo jingine, na ndilo lenye mushkili zaidi ya yote. Huweza kuwa ni badiliko la kiasi, na hapo tafuta tarakimu mpya juu yake au pembeni. Na huweza kuwa ni sehemu iliyopatikana, kama mtu aliyetumwa viazi kilo moja na nusu akapata kilo moja, akaikata ile 1 akaiacha nusu imesimama. Katika hali ya kwanza inayobaki ndiyo kiasi chote kinachotakiwa. Katika hali ya pili inayobaki ni deni tu. Karatasi peke yake haiwezi kukujibu, ila kikapu kitakujibu: viazi vikiwemo, ni deni, visipokuwemo, ni badiliko.

Na kuna alama ya vema. Mtu mwenyewe akiiweka, humaanisha kwamba amepata. Lakini mwenye duka naye huiweka, na maana yake si hiyo. Mwenye duka ukimpa karatasi yako husoma kuanzia juu, akaweka vema mbele ya kila kitu alicho nacho au alichokitajia bei, akaandika bei upande wa kulia, kisha akajumlisha chini. Vema yake inasema kwamba kitu kipo, haisemi kwamba kimelipiwa. Yule aliyekwenda asubuhi huenda aliisikia bei, akaona ni ghali, akakiacha. Njia ya kujua ni hesabu ndogo: jumlisha bei za pembeni, utazame kama zinafikia jumla iliyoandikwa chini. Zikizidi, basi kuna kitu kilichotajiwa bei kisilipiwe, na mara nyingi tofauti ile ni sawasawa na bei ya kitu kimoja, nacho ndicho hicho.

Niyakusanye haya katika mfano mmoja. Bibi mmoja wa Unguja, katika siku ya mwisho ya Ramadhani, ameandika karatasi ya pilau ya Idi. Mwanawe amekwenda nayo Darajani asubuhi, akarudi na vitu kadhaa. Alasiri mjukuu wake anapewa kikapu na karatasi na kuambiwa amalizie. Karatasi imeandikwa hivi:

Mch F 7
Mch 3
Nyama 3
Vit m 1 1/2 — 3000
" th 5 — 2500
Viazi 1 1/2 — 2000
Nazi 4
Uz 50
Il 25
Ndizi 2
Suk 2
Maj
Sam 1/2 ?

Maandishi ni ya wino wa buluu. Kwa wino mweusi nyama na vitunguu maji vimekatwa kwa mstari mmoja; mbele ya thomu kuna alama ya vema; katika viazi imekatwa ile 1 tu; na pembeni zimo bei tatu na chini yake jumla, 5000. Nazi zimesukwasukwa kwa wino wa buluu. Na mstari mmoja mweusi umeanzia mwanzo wa "Mch F", ukateremka kwa mshazari, ukaishia juu ya ile 3 ya mstari wa pili.

Mjukuu mwenye haraka angesema kwamba mchele umekwisha kununuliwa wote, kwa sababu mistari yote miwili imeguswa. Lakini mstari husomwa kwa mahali ulipoanzia. Umeanzia kwenye "Mch F", na F hiyo, katika siku hiyo ya mwaka na mbele ya tarakimu 7, ni fitri ya nafsi saba, pishi saba, ambazo kwa makadirio yale ya kilo mbili na nusu ni kilo kumi na saba na nusu. Hizo zimepatikana, na gunia lake liko ukumbini. Mchele wa pilau, kilo tatu, haukununuliwa. Mkia wa mstari umeuangukia kwa bahati mbaya tu. Akiacha kuununua, jioni kutakuwa na watu watakaotaka kuchota katika mchele wa fitri, nao umekwisha kuwa haki ya watu wengine.

Katika kikapu anakuta nyama, anakuta vitunguu maji kilo moja na nusu, anakuta viazi kilo moja, hakuti thomu. Bei tatu za pembeni zikijumlishwa ni 7500, na jumla iliyoandikwa ni 5000. Tofauti ni 2500, bei ya thomu barabara. Basi thomu ilitajiwa bei ikaachwa, na vema ile ni ya muuzaji. Viazi vilivyomo ni kilo moja, na karatasi imebakisha nusu. Hilo ni deni, anunue nusu kilo. Nazi asinunue, kwani zimefutwa kwa wino wa nyumbani na kufichwa, na pilau ya nyama haizihitaji.

"Uz 50" ni uzile, na hamsini hiyo haiwezi kuwa shilingi kwa Unguja, wala punje hamsini za uzile si kipimo cha mtu mwenye akili zake. Ni gramu, nacho ni kiasi cha haki kwa kilo tatu za mchele. "Il 25" ni ngumu zaidi, maana iliki huhesabiwa kwa punje na pia hupimwa kwa gramu. Gramu ishirini na tano za iliki ni zaidi ya punje mia, na iliki ni ghali. Punje ishirini na tano ni kama gramu tano. Kiasi kidogo chatosha kwa chungu hicho, kiasi kikubwa chaweza kuwa cha chungu pamoja na chai na kahawa ya wageni wa siku mbili. Lau ningekuwa mjukuu huyo na simu ya bibi haipokelewi, ningenunua gramu kumi: zinazidi punje zinazohitajika chunguni, na zikipungua, kuongeza ni jambo la kesho.

"Ndizi 2" si ndizi mbili. Kilo tatu za mchele hulisha takriban watu ishirini, na pwani ndizi mbivu huwekwa pembeni mwa pilau, mtu na yake. Chane mbili za ndizi za kadiri zatimiza hesabu hiyo. Mikungu miwili ingekuwa ni biashara. "Maj" haina tarakimu, na kwa kuwa iko katika karatasi ya pilau wengine wangeisoma manjano. Lakini pilau ya pwani hupata rangi yake kwa vitunguu vilivyokaangwa na kwa viungo, si kwa manjano, na neno lenyewe limekaa chini ya sukari. Ni majani ya chai, paketi moja, maana kisichotajwa kiasi hununuliwa kimoja cha kawaida ya nyumba ile. Naye mjukuu aweza kulitazama kopo la chai jikoni kabla hajatoka, aone jina na ukubwa wa paketi.

Umebaki mstari wa mwisho. "Sam" huweza kuwa samaki au samli. Samaki nusu kilo hawatoshi watu ishirini, na nyama imekwisha kununuliwa. Basi ni samli. Lakini mbele yake kuna alama ya kuuliza, na alama hiyo hakuna majirani wala mizani wala hesabu itakayoifungua: huenda bibi hakuwa na hakika kama iliyomo jarani yatosha, huenda alikusudia inunuliwe bei ikiwa nafuu, huenda alikuwa bado anawaza kama apike kwa mafuta. Hapa ndipo pa kuuliza, na namna ya kuuliza ina adabu yake. Asimpelekee bibi karatasi nzima amsomee upya, kwani ana unga mikononi na moto mbele yake, wala asiulize, "Bibi, hii ni nini?" ambalo ni swali linalomlazimu kuacha kazi na kutafuta miwani. Amwambie, "Shikamoo bibi, samli nusu kilo, ninunue hata ikiwa ghali, au niache?" na bibi atajibu neno moja bila ya kugeuka.

Akisha kujibiwa, aliandike jibu hilo pale pale karatasini, "ndiyo" au "acha", kwa herufi zinazosomeka, akaifute ile alama ya kuuliza. Na katika kila kitu atakachonunua alasiri hiyo akikate neno pamoja na tarakimu yake, na mahali alipopata pungufu aandike pembeni kiasi alichopata, kilo au gramu au idadi, kwa jina lake. Karatasi hiyo yaweza kubadili mkono mara ya tatu kabla ya adhuhuri ya Idi, na kijana wa jirani atakayetumwa thomu zilizosahauliwa hatakuwa na kikapu cha kumfasiria.